Chai Nusu Siku ya Kimbunga

Mama mkwe alikuwa na shitaka moja tu juu ya mke wa mwanawe, na alilisoma kila asubuhi bila kuchoka: chai nusu.

"Hiki kikombe kina mdomo," alisema siku ile pia, ameegemea mto kitandani, kidole kikizunguka ukingo wa kikombe. "Nani kakwambia uishie kitovuni?"

"Nikijaza itamwagika ukipuliza, mama."

"Nimeanza kupuliza chai kabla mama yako hajaota meno."

"Na shuka nazifua mimi."

Bibi alicheka kwa pua, akapuliza chai yake nusu kwa pumzi ya kutosha kuwasha jiko la mkaa, akanywa kwa sauti. Tangu avunjike nyonga hakuwa ametoka kwenye kile chumba cha nyuma ya duka la mikate la binti yake. Mguu ulikataa kazi, ila ulimi ulichukua zamu zote mbili.

Mke wa mwanawe alikuwa mlinzi wa lango la maji, na mtaa mzima ulimwita Mama Lango. Lango lenyewe halikuwa la kuringia: bamba la chuma lenye kutu lililoziba mdomo wa mfereji mkuu, pale mfereji unapopenya chini ya tuta kwenda baharini. Juu yake palikuwa na gurudumu la kuzungusha. Zungusha huku, bamba linapanda. Zungusha kule, linashuka. Sheria ya kazi ile ilitosha kuandikwa kwenye ukucha. Bahari ikiwa chini kuliko mfereji, fungua, maji ya mtaa yatoke. Bahari ikipanda kuupita mfereji, funga, yasije yakarudi na ndugu zake. Maana mtaa ule wa chini ulikuwa umekaa kama beseni: maji yakijaa huko nje, samaki alikuwa juu kuliko kuku, na kilichowatenganisha ni tuta tu.

Mtu anayekula mshahara wa kutazama maji yakisogelea ukingo hawezi tena kujaza kikombe. Mkono wenyewe unakataa. Lakini nenda kamweleze hayo mama mkwe.

"Mama," Mama Lango alisema, akikunja taulo. "Twende shuleni kilimani kabla kimbunga hakijafika. Wenzetu wengi wamepanda jana."

"Wenzetu hao wana miguu."

"Tutakubeba."

"Ndiyo hilo ninalolikataa." Bibi alinyoosha kidole kuelekea mlango uliokuwa wazi, kwenye jiwe la ngazi lililokuwa likinyeshewa. "Unauona mstari ule?"

Nani asiyeuona? Marehemu baba mkwe aliuchonga kwa patasi, vidole viwili chini ya kizingiti, mwaka wa kimbunga kikubwa. Kila mkwe aliyeingia nyumba ile alionyeshwa mstari kabla hajaonyeshwa choo.

"Kimbunga kile kilibeba paa la soko likaenda kuolewa shambani kwa watu," bibi alisema. "Kiling'oa nguzo. Kilimvua nguo mchungaji wa mbuzi, na hakuzidai mpaka leo. Na maji yaliishia pale. Hiki cha leo redio yenyewe inasema ni kidogo. Mimi nisibebwe mtaani kama gunia la unga, tako moja huku tako moja kule, kwa ajili ya kimbunga mtoto!"

Kutoka dukani sauti ya wifi iliingia pamoja na harufu ya mkate: "Mwache mama, wifi. Kinaingia saa za maji kupwa. Mpenzi wako wa kwenye simu si ndiye aliyesema?"

Wifi huyo, dada wa mumewe, mtaa ulimpa jina la Hamira, kwa sababu alikuwa mwokaji, na kwa sababu jambo lolote ukimkabidhi asubuhi, jioni limeumuka mara mbili. Mpenzi wa kwenye simu alikuwa mtabiri wa kituo cha hali ya hewa. Mama Lango hakuwahi kumwona hata siku moja. Alimjua kwa mafua yake tu.

Na kweli mtabiri alikuwa amesema hivyo. Jana yake alimweleza kwamba kimbunga kitavuka ufuko kama saa sita mchana, karibu na saa tano ambayo maji yanapwa kabisa. Kitasukuma bahari kuja nchi kavu, ndiyo, lakini kitaisukuma ikiwa imeshuka chini, kwa hiyo huenda isifike ukingo wa tuta. Aliongeza, huku akipenga kamasi, kwamba watu wa mtaa wa chini wapande kilimani tu, maana kimbunga si treni, hakina ratiba. Mtaa ulisikia nusu ya kwanza, nusu ya pili ikawapita.

Mumewe Mama Lango alikuwa safarini na lori, barabara imefungwa huko mbali. Usiku alipiga simu, ikakatika mara tatu, na neno moja tu lilifika zima: "Mama." Hakuhitaji la pili. Mke aliyeachiwa mama wa mtu ameachiwa yai kwenye kiganja. Akiteleza, hakuna atakayeuliza njia ilikuwa na matope kiasi gani.

Basi alitoka na koti lake la mvua, moyo ukiwa umebaki chumbani.

Kwenye tuta upepo ulimsukuma kutoka baharini, akatembea ubavuubavu kama kaa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri bila kuvuta pumzi. Nyuma yake mfereji ulikuwa umeanza kutapika kwenye vichochoro. Maji ya visigino, mengine ya muundi, viatu na vifuniko vya sufuria vikitembeleana. Hilo hakulishangaa. Lango lilikuwa limefungwa kwa ajili ya maji kujaa ya alfajiri, na maji ya mvua yalikuwa yakisubiri bahari ishuke ili yatoke. Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, siku ambazo maji hujaa kupita kiasi na hupwa kupita kiasi. Saa tano bahari ingekuwa imekimbilia mbali, imeacha tope tupu, na yeye angefungua lango mtaa ukojoe wote. Alifungua kufuli la mnyororo wa gurudumu mapema, kujiweka tayari.

Kisha akachungulia upande wa nje.

Palikuwa na ngazi za saruji zikishuka baharini, na ubao wa vipimo umepigiliwa kando yake. Saa ile ya bamvua, ngazi zote zilitakiwa ziwe zimeanikwa, mpaka ile ya mwisho yenye konokono. Hakuona konokono. Hakuona ngazi ya mwisho, wala ya kati. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakipandapanda kwenye ngazi za juu, pale yanapokaa siku za kawaida yakiwa yamejaa.

Alidhani saa yake imekufa. Akaitikisa. Ilikuwa hai.

Bahari haikupwa.

Aliingia kwenye kibanda chake cha mabati na kupiga simu, kidole kimoja sikioni.

"Nilikuwa nataka kukupigia," mtabiri alisema, na mafua yake hayakuwa na mzaha leo. "Kimepunguza mwendo. Kimesimama huko baharini kama mzee aliyesahau alichofuata. Mbona kipimo cha bandarini kimenyamaza? Wewe unaona nini?"

Akamsomea ubao. "Rudia," mtabiri alisema. Akarudia.

"Na bila kimbunga ungesoma wapi saa hii?"

"Chini ya ubao. Tope."

"Basi hiyo tofauti ndiyo maji ya kimbunga. Upepo umeyasukuma na unayarundika hapo kwenu, kwa kuwa pwani yenu ni ya maji mafupi na ghuba imebana kama kiuno cha chupa, hayana pa kwenda. Na katikati ya kimbunga hewa ni nyepesi, bahari nayo inainuka kidogo kujaza. Sasa nisikilize. Maji kujaa ni lini?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Na kimbunga kwa mwendo huu kitafika lini, unadhani?"

Wote wawili walikuwa wamekwisha kujua: jioni ileile.

"Hayo maji unayoyaona sasa yamepanda juu ya bahari iliyo tupu," mtabiri alisema taratibu. "Jioni yatapanda mgongoni mwa bamvua. Na yatakuwa yameongezeka, maana kimbunga kitakuwa mlangoni, si mbali kama sasa. Na juu ya hayo yote weka mawimbi. Tuta lenu mmejenga kwa ajili ya bamvua peke yake. Naandika tangazo jipya sasa hivi, ila wewe uko hapo. Waondoe watu."

Ndipo aliposikia chuma kikilia.

Alitoka mbio. Kwenye gurudumu alikuwepo Hamira, magoti yakichuruzika maji, mikono yake ya kukanda unga ikizungusha kama ya wanaume wawili, na kando yake fundi wa baiskeli aliyeitwa Spoki, mtu mwenye maradhi ya kujua kila kitu, akimwelekeza kwa kalenda ya maji kupwa na kujaa iliyolowa mkononi.

"Wifi! Acha!"

"Maji yako kwenye tanuri langu!" Hamira alipiga kelele. "Yamebakiza tofali moja moto uzime, na wewe umejifungia na mpenzi wako! Nina mikate ya watu wa shuleni humo!"

"Saa tano hii, shemeji," Spoki alisema kwa upole wa mwalimu, akigonga kalenda. "Kalenda hii ya serikali. Maji yametoka. Tumekusaidia tu."

"Yametoka yakaenda wapi? Umechungulia?"

"Nichungulie nini, imeandikwa!"

Bamba lilikuwa limeinuka kiasi cha mkono. Chini yake, badala ya mfereji kukimbilia baharini, bahari ilikuwa ikiingia mferejini. Iliingia kwa kelele za kundi la ng'ombe, yenye povu na magugu, ikisukuma maji ya mvua kurudi mtaani yalikotoka. Spoki alitazama maji, akatazama kalenda, akatazama tena maji, kama mtu aliyekuta mke wake na mgeni na hajui amsalimie nani kwanza.

"Zungusha kurudi!" Mama Lango alirukia gurudumu. "Wote!"

Kuinua bamba ilikuwa kazi ya wawili. Kulishusha kwenye maji yanayosukuma ilikuwa kazi ya ukoo. Upande mmoja Mama Lango, upande wa pili Hamira, Spoki akining'inia katikati kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi. Gurudumu lilikataa. Likasogea. Likakataa tena.

"Kanda, wifi!" Mama Lango alifoka. "Fanya kama unga!"

"Unga hauna meno!"

"Liite kwa jina la yule mwanamume wako wa zamani!"

Hamira alitamka jina ambalo hatutaliandika hapa kwa sababu ya watoto, akavuta kwa chuki iliyokuwa imewekwa akiba miaka mingi, na bamba likashuka, likakita chini, kelele zikakatika. Mama Lango alifunga mnyororo, akafunga kufuli, na ufunguo akautumbukiza kifuani. Yeye ndiye aliyeacha kufuli wazi, alilijua hilo. Halikuwa la kusemwa sasa.

Walisimama wakihema. Maji mtaani yalikuwa yamefika magotini.

"Tanuri limezima," Hamira alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa na daktari. Kisha akachungulia nje ya tuta, akaziona ngazi zilizomezwa, akapata namna ya kujifariji, kwa kuwa Hamira ni wa kuumuka siku zote. "Haya. Basi yenyewe ndiyo hii. Imekuja, imefika hapo, na tuta limesimama. Kama huu ndio ubaya wake, wifi, tumepona."

Na hilo ndilo kosa lililomtisha Mama Lango kuliko lango kufunguliwa. Maana watu waliofuata zile kelele na kukusanyika kwenye tuta walianza kuitikia kwa vichwa na kusema naam, tumepona.

"Hapa ndipo bahari ilipokaa ikiwa *imetoka*," alisema kwa sauti ya juu. "Sikilizeni jamani. Haya ndiyo maji kupwa ya leo. Huku ndiko kushuka kwake kote. Jioni inajaa. Kila siku ya bamvua inapanda kutoka chini kule kwenye konokono mpaka karibu na ukingo huu, si ndiyo? Leo haianzii kwenye konokono. Inaanzia hapa. Hesabuni wenyewe itaishia wapi."

Watu walitazama ngazi. Wakatazama ukingo wa tuta. Wakatazama anga iliyokuwa juu ya ukingo, mahali palipobaki. Spoki ndiye aliyegeuka kwanza. Tumsifu kwa hilo: alikuwa mjuaji, lakini aliweza kujua kitu kipya. Alikunja kalenda, akaitia mfukoni, akaanza kugonga milango akipiga kelele kwamba mambo yamebadilika, na kwamba yeye amethibitisha mwenyewe.

Mawifi wawili walirudi dukani wakikata maji kwa mapaja. Mikate ilikuwa ikielea kama bata. Chumbani kwa nyuma, sakafu ilikuwa juu kidogo, maji yalikuwa yamelamba mstari wa marehemu na kukaa hapohapo, na bibi alikuwa amekiinua kichwa akiyatazama kwa ushindi.

"Mmeona? Palepale. Vidole viwili. Mume wangu alikuwa hapimi ovyo."

"Mama, tunaondoka," Hamira alisema.

"Ondokeni. Mniachie mkate."

"Mama, bahari inakuja jioni."

"Ilikuja mwaka ule na kimbunga kinachojiheshimu, ikaishia pale. Leo imekuja na hiki kitoto, imeishia pale." Akajifunika shuka mpaka kidevuni. Mama Lango aliona macho yake yakikwepa mlango, ambako majirani walikuwa wakipita na vikapu vichwani. Hapo akaelewa kwamba mstari ulikuwa nusu ya maneno. Nusu nyingine ilikuwa tako moja huku, tako moja kule. Mwanamke aliyetembea mtaa huu miaka yote na mgongo ulionyooka, leo apitishwe mbele ya walewale akiwa amebebwa kama gunia, na beseni la haja likifuata nyuma.

Kulazimisha kungewezekana. Hamira alikuwa na mikono ile. Lakini nyonga iliyovunjika ukiivuta huku inavuta upande wake, unaivunja mara ya pili.

Mama Lango alikaa kitandani. Chupa ya chai ilikuwa bado mezani.

"Mama, utakunywa chai?"

"Saa hizi?" bibi alishangaa. Hata Hamira alimtazama wifi yake kama aliyepigwa na kitu kichwani.

Alimimina. Nusu.

"Alaa! Hata siku ya kufa?"

"Puliza, mama. Kwa nguvu zako zote. Fanya kama kimbunga kile cha paa la soko."

Bibi alimkazia macho, lakini hakuwa mtu wa kukataa changamoto. Alivuta pumzi, akapuliza mpaka mashavu yakatetemeka. Chai ilikimbilia upande wa pili wa kikombe, ikapanda ukutani, ikarudi. Hapakudondoka hata tone.

Mama Lango akachukua chupa akajaza. Akajaza mpaka mdomoni, mpaka chai ikavimba juu ya ukingo kama tumbo la mlafi. Miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kufanya hivyo. Akashika kikombe kwa mikono miwili karibu na kifua cha bibi.

"Sasa puliza kidogo. Kimbunga mtoto."

Bibi alipuliza kidogo, kama anayezima kiberiti. Chai ikamwagika kwenye shuka, kwenye kidole, kwenye kidevu.

Nje upepo ulikuwa ukivuta bati la mtu.

"Mwaka ule," Mama Lango aliuliza taratibu, "kimbunga kilipoingia, bahari ilikuwa wapi?"

Bibi alijilamba kidole. Macho yake yalikwenda mbali, kwenye mwaka ule. "Mitumbwi ilikuwa imelala ubavu kwenye tope," alisema. "Nakumbuka, kwa sababu mume wangu alikwenda kuifunga kwa miguu, hakulowa magoti. Mwezi ulikuwa nusu. Wavuvi walikuwa wanalalamika maji mafu, hayapandi hayashuki." Akasita. "Kikombe kilikuwa nusu."

"Kilikuwa nusu, mama."

"Na leo?"

"Leo jioni kinajazwa mpaka mdomoni. Halafu ndipo kinapulizwa."

Bibi alitazama mstari wa marehemu, muda mrefu kidogo, kama mtu anayeagana. Kisha akatazama shuka. "Umenichafulia shuka."

"Nitafua."

"Sibebwi mgongoni."

"Kuna mkokoteni wa mikate," Hamira alisema haraka. "Una kifuniko. Una milango. Utakaa ndani kama malkia, hakuna atakayekuona."

"Kama mkate."

"Kama mkate wa maziwa, mama. Ule wa bei."

Bibi alifikiria. "Na beseni langu apakate nani?"

"Spoki," walijibu mawifi kwa pamoja, na hapo, jamani, bibi alicheka mpaka akashika nyonga.

Walimtelezesha na godoro lake kwenye ubao wa kupangia mikate, wakamwingiza mkokotenini. Hamira alivuta, Mama Lango alisukuma, maji yakiwafuata kwa nyuma kama mbwa asiye na mwenyewe. Spoki alitembea mbele na beseni lililofunikwa kitambaa, akiwaambia watu kwa sauti ya mkuu wa msafara wapishe njia, na hakuna aliyethubutu kuuliza limebeba nini. Kila walipopita penye watu bado wakisita, kijimlango cha mkokoteni kilifunguka kiasi cha mdomo na sauti ikatoka: "Nyinyi mnasubiri nini? Mimi mwenye mstari naondoka!" Sauti ile iliwahamisha watu wengi kuliko redio.

Walifika shuleni mchana wa giza. Madarasa yalikuwa yamejaa. Bibi aliwekwa chini ya ubao wa hesabu, karibu na dirisha.

Kimbunga kilivuka ufuko jioni, na bahari iliyojaa ikiwa imekwisha kufika kukipokea. Kutoka dirishani hawakuona wimbi la kutisha kama ukuta, jinsi wengine walivyotarajia. Waliona jambo la kimya zaidi. Mstari wa tuta, ambao ulikuwa mweusi, ulianza kuwa mweupe sehemu moja. Kisha sehemu nyingine. Kisha mstari haukuwepo. Bahari na mtaa vilikuwa kitu kimoja, na mapaa yalikuwa yamekaa juu yake kama vikombe vilivyofunikwa. Mawimbi yaliviendea moja baada ya jingine. Hamira alilitafuta paa lake, akalipata, akalishika kwa macho mpaka mvua ikafuta kila kitu.

"Tofali za tanuri zile alizichoma baba," alisema.

Mama Lango hakumwambia pole. Alimkumbatia tu, na wakakaa hivyo, ufunguo wa lango ukiwachoma wote wawili kifuani.

Asubuhi upepo ulikuwa umegeuka, unatoka nchi kavu. Saa za maji kupwa bahari ilirudi chini kwenye konokono wake kwa adabu, kana kwamba jana ilisingiziwa. Lakini mtaa ulibaki umejaa: tuta lililokuwa likizuia maji kuingia sasa lilikuwa likiyazuia kutoka. Mawifi walishuka peke yao, Spoki akiwa nyuma. Kabla hawajagusa gurudumu, fundi yule alipanda kwenye tuta, akainama, akachungulia nje muda mrefu kabisa.

"Imetoka," alitangaza. "Nimeona kwa macho yangu. Fungueni."

Bamba lilipanda, na mtaa ukaanza kumwaga bahari kurudi baharini, na ndani yake vikapu, vizingiti, kurasa, kandambili. Maji yaliposhuka walikwenda kwenye chumba cha nyuma. Jiwe la ngazi lilikuwa limepinduka. Doa jipya la tope lilikuwa limezunguka ukuta wote, juu ya mlango, juu sana ya kitanda, mahali ambapo bibi angehitaji kuwa popo. Hamira alilitazama, akakaa kwenye matope. Mama Lango aliokota jiwe lile, akaliosha, akalibeba kilimani kwenye mkokoteni wa mikate.

Bibi alilipokea akapapasa mchongo wa patasi kwa kidole.

"Yamefika wapi?"

"Juu ya mlango, mama."

Alikaa na jiwe mapajani mpaka mtu wa jikoni la shule alipoleta chai. Simu ya Mama Lango iliita, yalikuwa mafua ya mtabiri; akamwambia wote wako hai, mafua yakapenga kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mumewe alipiga baada yake. Mkewe alimwambia neno moja tu, "Mzima," akampa bibi simu azungumze mwenyewe na mwanawe.

Kisha akamimina chai. Leo, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na kwa machozi yaliyokuwa yakimsumbua, alikaza mkono akajaza kikombe mpaka mdomoni, akampelekea mama mkwe wake kwa hatua ndogondogo.

Bibi alikitazama kikombe kilichovimba. Akamtazama mke wa mwanawe.

"Wewe mwanamke una wazimu?" alisema. "Punguza. Nitapulizaje?"